Nilivyomuuguza Baba hadi Kapsuli ya Mwisho ya Tramadoli

Baba alivunjika paja alipogongwa na bodaboda hapa Kisumu. Akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Wodini walikuwa wakimdunga mofini. Tuliporudi nyumbani tulipewa tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, kapsuli za miligramu 50, ameze mbili mara tatu kwa siku pamoja na parasetamoli. Dawa ya kulainisha choo hatukupewa, nami sikujua kuiulizia.

Siku ya nne nyumbani, choo kilikuwa bado hakijatoka. Tumbo lilikuwa gumu na chakula hakitaki. Nikadhani mboga ndizo zimepungua, nikamlisha papai na sukuma wiki kwa wingi, ikawa kazi bure. Dada wa duka la dawa aliniuliza kwanza kama Baba anatapika na kama bado anatoa hewa. Angekuwa anatapika, tumbo limevimba na hewa haipiti, angenituma hospitali moja kwa moja. Kisha akanifafanulia kwamba dawa hizi hupunguza mwendo wa matumbo, kwa hiyo maji mengi hunyonywa na kinyesi hubaki kikavu. Kichefuchefu na usingizi mwili huzoea baada ya siku kadhaa, lakini matumbo hayazoei. Ndiyo maana dawa ya choo huanzishwa siku ileile ya tramadoli na huendelea mpaka tramadoli iishe.

Akanipa bisakodili ya miligramu 5, vidonge viwili wakati wa kulala. Usiku wa kwanza Baba alivimeza kwa chai ya maziwa, tumbo likamsokota hadi alfajiri. Kumbe kidonge kile kina ganda linalotakiwa kufika utumboni likiwa zima, na maziwa huliyeyusha mapema. Usiku wa pili alitumia maji, na asubuhi alipata choo. Jambo jingine hakulisema mpaka nilipomdadisi: alikuwa akijizuia kwa kuogopa kuchuchumaa chooni na mguu ule. Fundi alitoboa kiti cha mbao, tukakiweka juu ya shimo, na hofu ikamtoka.

Siku hiyohiyo alishikwa na mafua. Jirani, kwa nia njema, alimletea vidonge vya pritoni, dawa ya mafua ambayo nayo huleta usingizi, naye akameza viwili bila kuniambia. Jioni nilimpelekea ugali. Alikata tonge moja, akasinzia nalo mdomoni. Nilimwita, akafungua macho, akaanza sentensi, akapotea kabla ya kuimaliza. Alikoroma, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akavuta pumzi tena. Nikatazama kifua chake huku nikiangalia saa ya simu, dakika nzima. Pumzi tisa. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20. Nilipommulika, mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Nilimtoa tonge lile, nikamlaza kwa ubavu, sikumpa maji wala dozi ya usiku. Nikamwita ndugu yangu alete gari, na njia nzima nilikuwa nikimsemesha. Hospitalini alipewa oksijeni na sindano ya naloksoni, dawa inayopinga nguvu ya dawa za jamii ya mofini, wakakaa naye mpaka asubuhi, kwa kuwa naloksoni huisha nguvu kabla ya tramadoli kwisha mwilini.

"Usingizi hutangulia, pumzi hupungua baadaye," daktari aliniambia. "Mzee akilala, ukamwita akaamka na kuzungumza sawasawa, hiyo si shida. Akikupotea katikati ya neno, usingoje midomo ibadilike rangi."

Pritoni ikapigwa marufuku, pombe pia, na tramadoli ikashushwa hadi kapsuli moja mara nne kwa siku. Parasetamoli iliendelea, gramu moja mara tatu.

Wiki mbili baadaye Baba alikuwa akitembea kwa magongo na alitaka kuacha tramadoli ghafla. Daktari alikataa, kwa sababu mwili ulioizoea dawa hutaabika ukinyimwa ghafla. Tulipunguza kapsuli moja kila siku tatu. Tulianza na ya mchana, na ya usiku tukaibakiza mwisho. Tulipofika mbili, Baba akaanza kutokwa na jasho, kupiga miayo ovyo na kamasi kumtiririka, na miguu haikutulia kitandani.

"Mwanangu, mfupa umerudia kuuma," alisema. Nilimwomba anionyeshe mahali. Hakuweza, mwili wote ulikuwa hautulii. Maumivu ya kidonda yangekaa pajani na kuzidi anapokanyaga. Nilimpigia daktari, tukarudi kapsuli tatu kwa siku tatu, tukashuka tena, na safari hii tukakaa kwenye mbili siku sita. Jasho halikurudi.

Baba alipoacha kabisa, zilibaki kapsuli 11. Nilizirudisha duka la dawa, kwa sababu binamu yangu anayeumwa mgongo alikuwa ameshaziulizia mara mbili.