Kumbukumbu ya mradi: kurekodi video ya wima kutoka skrini ya mlalo kwa OBS

Ninaandaa mfululizo wa video fupi za kufundisha fomula za lahajedwali. Skrini yangu ina pikseli 1920 kwa 1080, ilhali video fupi hutakiwa ziwe 1080 kwa 1920, na mpaka juma lililopita nilikuwa narekodi kwa mlalo kisha nakata baadaye katika programu ya kuhariri. Nimeamua kazi hiyo ifanyike ndani ya OBS kabla ya kurekodi, ili ninachokiona kiwe ndicho kitakachotoka.

Jumamosi. Nilianza kwa kuunda `Profile` mpya na `Scene Collection` mpya, kwa kuwa ukubwa wa turubai huhifadhiwa katika ya kwanza na mpangilio wa vyanzo katika ya pili. Anayebadilisha ukubwa ndani ya mpangilio wake wa zamani atakuta kazi yake ya mlalo imevurugika. Kisha nikaingia `Settings`, sehemu ya `Video`, nikaandika kwa mkono `1080x1920` katika `Base (Canvas) Resolution` na pia katika `Output (Scaled) Resolution`. Sehemu hiyo haikubali kubadilishwa wakati OBS inarekodi, jambo ambalo lilinipotezea dakika kadhaa kwa sababu nilikuwa nimesahau kusimamisha jaribio.

Nikaongeza `Display Capture` na kubonyeza Ctrl+F ili skrini yote iingie. Iliingia kweli, lakini ikawa utepe wenye kimo cha pikseli 608 hivi katikati ya weusi. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 16 ilibaki na 9, na nilipoitazama kwenye simu sikuweza kutofautisha nukta na mkato ndani ya fomula. Ctrl+S, inayovuta picha ijaze turubai, ni mbaya zaidi, kwani hurefusha kila kitu kama mtu aonekanaye katika kijiko.

Jumapili. Niliacha wazo la kuonyesha skrini nzima. Niligawa turubai nusu kwa nusu, kila moja 1080 kwa 960: juu lahajedwali, chini uso wangu. Nusu ya juu nikaijaza kwa kipande cha skrini chenye 720 kwa 640, ambacho kikikuzwa mara 1.5 hutoshea barabara. Kwenye chanzo cha skrini niliweka kichujio cha `Crop/Pad`, nikaondoa alama kwenye `Relative` ili kiniruhusu kutaja kipande chenyewe:

```
X 0
Y 200
Width 720
Height 640
```

Baada ya hapo nikafungua `Edit Transform` kwa Ctrl+E, nikaweka nafasi 0 na 0, na ukubwa 1080 kwa 960. Ile herufi ya pikseli 16 sasa ina 24. Kamera yangu hutoa 1920 kwa 1080, nami nikabakiza upana wa 1215 katikati (X ni 352, kimo chote cha 1080), kisha nikaipunguza hadi ukubwa uleule na kuiweka chini, nafasi 0 na 960. Uso nimeuweka chini kwa makusudi, kwa kuwa maelezo na vitufe vya programu za video fupi hufunika zaidi sehemu ya chini na pembe ya kulia, na heri vifunike kifua changu kuliko tarakimu.

Kukuza huleta ukungu kidogo kwenye maandishi. Katika `Scale Filtering` nilijaribu `Point`, nikaona mguu mmoja wa herufi n ni mnene kuliko mwingine, kwani mara 1.5 si namba kamili na pikseli haziwezi kugawanywa sawa. `Lanczos` ilitoa kingo safi, nayo nimeibakiza. Kwa mara 2 kamili `Point` ingefaa, ila kipande kingekuwa 540 kwa 480, na safu zangu tano zisingetosha.

Jumanne. Rekodi ya kwanza ya dakika nzima iliharibika: nilifungua menyu iliyotokea kulia kwa kipande, na katika video kishale kinapotea tu huku sauti yangu ikisema «chagueni hii hapa». Dawa ilikuwa kwenye zile pikseli 1200 za kulia zisizorekodiwa. Nilibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya onyesho la awali, nikafungua `Windowed Projector` na kuliweka dirisha lake huko, likawa kioo changu wakati nafanya kazi. Dirisha la lahajedwali nimelipunguza lisizidi upana wa 720, hivyo menyu nyingi hujikunja zenyewe ndani ya mpaka.

Nilijaribu pia `Window Capture`, nikairudisha kabatini siku hiyohiyo: kila ukubwa wa dirisha ulipobadilika, vipimo vya mkato vilibaki vilevile na safu ya kwanza ikakatwa katikati.

Rekodi ya pili, ya sekunde 48, imetoka 1080 kwa 1920 bila weusi wowote. Kilichobaki ni kushusha `Y` hadi 190, kwa sababu mstari wa herufi za safu umekatwa nusu juu.