Karatasi ya maelekezo niliyoiandika mara tatu: kupima mahali pa miti kwa simu

Muhula uliopita niliwaongoza wanafunzi 30 wa kidato cha tatu, hapa Morogoro, kuchora ramani ya miti iliyomo ndani ya uzio wa shule yetu. Simu tulizokuwa nazo zilikuwa tano, zote za walimu waliokubali kuziazima, kwa hiyo kila kundi la wanafunzi sita lilipata simu moja, dira, tepu ya kupimia ya mita 30 na karatasi ya maelekezo niliyoiandika mwenyewe. Maelekezo hayo ya kwanza yalikuwa mafupi: simama karibu na mti, soma latitudo na longitudo kwenye simu, andika jina la mti na namba zake mbili, kisha nenda kwenye mti unaofuata.

Jioni ile nilipoziingiza namba zote kwenye kompyuta na kuziweka juu ya picha ya setilaiti, mstari wa mijohoro ulio pembeni mwa uzio ulikuwa umepindapinda, na miti mingine ilikuwa imevuka barabara. Mwembe mkubwa ulio nyuma ya bwalo ulionekana juu ya paa la bwalo. Miti kumi na mmoja haikuonekana Tanzania kabisa. Wanafunzi walikuwa wamefanya kile hasa walichoagizwa, hivyo kasoro ilikuwa kwenye karatasi, na ndiyo niliyoanza kuirekebisha.

Jambo la kwanza lililokosekana lilikuwa kusubiri. Simu inapowashwa huduma ya mahali, namba inazozionyesha mwanzoni mara nyingi hazijatoka kwenye setilaiti. Simu hukisia kwa kutumia minara ya mtandao na vifaa vya Wi-Fi vilivyo karibu, au hurudia mahali ilipokuwa mara ya mwisho, na makisio hayo yanaweza kukosea kwa makumi ya mita au zaidi. Ili simu ijue setilaiti iko wapi, inabidi ipokee taarifa ambazo setilaiti yenyewe huzirudia kila baada ya sekunde 30. Simu yenye intaneti huweza kuzipata taarifa hizo haraka zaidi kupitia mtandao, lakini isiyo na kifurushi nayo hufanya kazi, mradi mwanafunzi awe na subira. Nililiandika hili waziwazi, kwa sababu kundi moja lilikuwa limesimama bila kufanya kazi kwa robo saa likiamini kwamba bila kifurushi simu haiwezi kupima chochote.

Nikabadilisha agizo hilo ili mwanafunzi asiongozwe na saa peke yake, bali na namba anayoiona. Programu tuliyotumia huonyesha pembeni mwa latitudo na longitudo neno `Accuracy` na idadi ya mita. Karatasi ya pili ilisema: «Simama bila kusogea, shika simu mbele ya kifua ikitazama juu, usiandike chochote mpaka `Accuracy` ifike mita 5 au pungufu. Ikiwa dakika mbili zimepita na haijafika, usiandike. Soma agizo la mti wenye kivuli kizito.» Niliwaeleza darasani pia kwamba mita 5 hizo si ahadi. Katika simu za Android namba hiyo ina maana kwamba uwezekano wa sisi kuwa ndani ya duara la ukubwa huo ni takriban mara mbili kati ya tatu, kwa hiyo mti mmoja kati ya mitatu unaweza kuwa nje ya duara hata kama mwanafunzi amefanya kila kitu ipasavyo.

Agizo la kivuli kizito ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, na bado nadhani ndilo lenye manufaa zaidi. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu sana, na majani mengi, hasa yaliyolowa mvua, huyadhoofisha zaidi. Ukuta na mabati ya bwalo nayo huyarudisha mawimbi, yakafika kwenye simu kwa njia ndefu kuliko ile iliyonyooka, na simu ikadhani iko mahali pengine. Ndiyo sababu ule mwembe ulipanda juu ya paa. Makundi matatu yaliupima, na namba zao zilitofautiana hadi mita 17 kati ya kundi na kundi. Niliporudi mwenyewe na kusimama kwenye shina lake kwa dakika tano, `Accuracy` haikushuka chini ya mita 8.

Suluhisho ni kutoka kivulini, kupima mahali palipo wazi, kisha kupima kwa tepu umbali wa kurudi kwenye shina. Ili hesabu isiwe ngumu, karatasi inamtaka mwanafunzi atoke kuelekea upande mmoja tu kati ya kaskazini, kusini, mashariki au magharibi, kwa kufuata dira, mpaka aone anga juu yake bila majani, na awe mbali na uzio wa chuma, kwa sababu chuma huipotosha dira. Kwa mwembe wetu tulitoka mita 15 kaskazini hadi ukingoni mwa uwanja wa mpira. Hapo `Accuracy` ilifika mita 4 ndani ya dakika moja, na tukaandika latitudo -6.82340 na longitudo 37.66215.

Sasa shina liko mita 15 kusini mwa mahali tulipopima. Hapa tulipo, karibu na ikweta, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zina urefu unaokaribiana sana, takriban kilomita 110.5 kila moja, kwa hiyo tarakimu ya tano baada ya nukta ina thamani ya mita 1.1 hivi kwa pande zote mbili. Mita 15 ukizigawa kwa 1.1 unapata 14 kwa kukadiria. Latitudo ya mwembe ni hii:

```
-6.82340 - 0.00014 = -6.82354
```

Longitudo inabaki ilivyo. Wanafunzi wengi walitaka kujumlisha wapate -6.82326, na jibu hilo lingeusogeza mwembe uwanjani, mita 15 kaskazini mwa pale tulipokuwa tumesimama. Niliwachorea ubaoni mstari wa ikweta na kuwaonyesha kwamba kwetu sisi tulio kusini yake, kadiri unavyokwenda kusini ndivyo namba inavyozidi kukua nyuma ya alama ya kutoa. Baadaye niliwaondolea wanafunzi hesabu hiyo wakiwa uwanjani: karatasi ya tatu inawataka waandike tu namba za pale waliposimama, umbali, na upande ambako mti uko, nasi tunahesabu pamoja darasani. Mtu aliyesimama juani na tepu mkononi hakosi kukosea alama.

Alama hiyohiyo ya kutoa ndiyo iliyoipeleka nje ya nchi miti kumi kati ya ile kumi na mmoja. Ukiiacha, latitudo ya Morogoro inageuka kuwa ya kaskazini mwa ikweta, na miti yetu ikajikuta kusini mwa Ethiopia, si mbali na mji wa Sodo. Mti wa kumi na mmoja ulikuwa kusini mwa Hispania, kwa kuwa mwandishi wa kundi alikuwa amezibadilisha namba zake, longitudo mahali pa latitudo. Kosa la tatu lilifichika zaidi. Simu moja ilikuwa imepangwa kuonyesha nyuzi, dakika na sekunde, na mwanafunzi aliyeona 6°49'24" akaandika -6.4924, jambo lililousogeza mti takriban kilomita 37 kaskazini. Sasa tarakimu za mwanzo zimechapwa tayari kwenye jedwali, yaani -6.82 na 37.66, na mwanafunzi anajaza tarakimu tatu tu zinazofuata. Tarakimu zake zisipoendana na zilizochapwa, anajua papo hapo kwamba kuna tatizo na anamwita mwalimu kabla hajauacha mti.

Mijohoro ya uzioni ilinifundisha kwamba kuna miti ambayo simu haifai kuipima mmojammoja. Imepandwa kila baada ya mita 4, na kifaa chenye kosa la mita 5 hakiwezi kueleza upi umetangulia na upi umefuata. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, «Mwalimu, tukipima kila mti mara kumi halafu tukatafuta wastani, si tutapata jibu sahihi?» Tulijaribu. Vipimo kumi vilivyochukuliwa ndani ya dakika moja vilikaribiana sana, lakini vyote kwa pamoja vilikuwa nje ya uzio, kwa sababu kosa la simu hubadilika polepole na vipimo vya dakika moja huwa na kosa lilelile. Wastani husaidia pale tu mtu anaporudi baada ya saa moja au siku nyingine. Hivyo basi kwa miti iliyo kwenye mstari tunapima kwa simu mti wa kwanza na wa mwisho tu, tukisimama upande ulio wazi, kisha tunanyoosha tepu kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika kila shina liko mita ngapi. Mstari wetu ulikuwa na miti 12 ndani ya mita 44, na kwenye ramani sasa umenyooka kama ulivyo.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni mlingoti wa bendera. Kila kundi hupima hapo kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na namba hizo huandikwa juu kabisa ya fomu. Sizilinganishi na picha ya setilaiti, kwa maana picha yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa. Nazilinganisha simu zenyewe kwa zenyewe. Siku ya pili simu nne zilikubaliana ndani ya mita 6, na ya tano ilikuwa mbali mita 31, huku `Accuracy` yake ikigoma kushuka hata kwenye uwanja ulio wazi. Tulipofungua mipangilio ya simu hiyo ya zamani, tukakuta huduma ya mahali imewekwa kwenye `Battery saving`, ambapo simu hutumia mtandao peke yake bila setilaiti. Tuliibadilisha kuwa `High accuracy`, na vipimo vyote vya kundi lile vya siku ya kwanza tukavifuta na kuvirudia.

Bado ipo miti saba kwenye korongo la nyuma, ambako matawi yamefungamana na hakuna mahali pa wazi ndani ya mita 30 za tepu yetu. Hiyo tuliipima kwa `Accuracy` ya mita 11 hadi 16, tukaiandika namba hiyo pembeni ya kila mti, na kwenye ramani tukaichora kwa duara tupu, huku mingine yote ikiwa na duara lililojazwa rangi.