Nimerudi Mwanza, na jedwali la ukoo limegoma kujaa

Nilipokuwa ughaibuni nilidhani kuandika ukoo ni kazi ya jioni moja: unakaa na Bibi, unauliza, unajaza. Nimerudi na daftari lenye safu nne, yaani ndugu, uhusiano, mwaka na mahali pa kuzaliwa. Safu ya tano nimeiongeza hapahapa: tumejuaje. Bila hiyo jedwali lote ni porojo.

Tuanze na Bibi mwenyewe, mama yake mama. Kitambulisho chake kinasema 1930. Mjomba mkubwa akaniambia, "Andika hivyo hivyo, si serikali imeshaandika?" Lakini Bibi anakumbuka askari wakirudi kutoka vita ya Burma, naye wakati huo alikuwa bado anachunga ndama. Askari wale walirudi 1945 na 1946. Angekuwa amezaliwa 1930, angekuwa na miaka kumi na mitano au sita, binti wa kuposwa kabisa, si wa kukimbizana na ndama. Mtoto wa kazi hiyo ana miaka sita hadi tisa. Kwa hiyo nimeandika "kati ya 1936 na 1940", na ile 1930 nimeiacha kwenye safu ya tano, maana nayo ni ushahidi, japo wa karani aliyekadiria.

Sasa watoto wake. Niliambiwa ni watatu: mjomba mkubwa, wa 1960 kwa cheti cha ubatizo, mjomba Shija, wa 1965, na mama, wa 1968. Msukuma yeyote anayesoma hapa ameshaona tatizo. Shija ni mtoto anayefuata mapacha. Kulwa na Doto wako wapi?

Hakuna aliyewahi kuwataja. Nilisubiri mpaka tukabaki wawili, nikauliza, "Bibi, kabla ya mjomba Shija kulikuwa na nani?" Akaendelea kuchambua dagaa. Baadaye akasema, "Walikuwepo. Wa kike wote wawili. Hawakufika kubatizwa." Sikumdai mwaka, nilimuuliza walikuwa wakikaa wapi. Akasema walikuwa wameshahamia juu, kwa sababu ziwa lilikuwa limekula shamba la chini.

Hapo ndipo mwaka ulipopatikana. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilianza kuinua Ziwa Victoria, na maji yakaendelea kupanda hadi 1964, zaidi ya mita mbili kwa jumla. Mapacha walizaliwa baada ya kuhama na kabla ya Shija, basi ni kati ya 1962 na 1964. Kubana zaidi ya hapo siwezi. Kwenye vitabu vya parokia hawatapatikana, kwa kuwa hawakubatizwa, na wakati ule watu wengi wa vijijini hawakuandikisha vizazi serikalini.

| Ndugu | Uhusiano | Mwaka | Mahali | Tumejuaje |
|---|---|---|---|---|
| Bibi | mama yake mama | kati ya 1936 na 1940 | Nassa, Jimbo la Ziwa (leo Busega, Simiyu) | kumbukumbu yake. Kitambulisho: 1930 |
| Mjomba mkubwa | kaka yake mama | 1960 | Nassa | cheti cha ubatizo |
| Kulwa na Doto | dada zake mama | kati ya 1962 na 1964 | Nassa, nyumba ya juu | Bibi. Jina la Shija |
| Shija | kaka yake mama | 1965 | Nassa | cheti cha ubatizo |
| Mama | mama yangu | 1968 | Nassa, Mkoa wa Mwanza (leo Simiyu) | cheti cha kuzaliwa |
| Mama yake Bibi | bibi yake mama | hakuna ajuaye | hakuna ajuaye | Bibi ameulizwa |
| Babu | baba yake baba | sijauliza | sijauliza | sijauliza |

Mahali nimeandika kama palivyoitwa wakati ule, halafu jina la leo kwenye mabano. Mkoa wa Simiyu umeanza 2012, kwa hiyo cheti cha mama kinasema Mwanza na hakijakosea. Mjukuu atakayekuja kutafuta kumbukumbu za zamani akianzia Simiyu atapoteza muda.

Na tafadhali, msiache kisanduku kitupu. "Hakuna ajuaye" maana yake nimeuliza na mlango umefungwa. "Sijauliza" maana yake kuna mtu bado anaweza kujibu. Ukiacha vyote viwe vyeupe, atakayekuja ataacha kuuliza hata pale penye jibu, au atabahatisha mwaka ili ukurasa upendeze. Mjomba bado anaona naichafua kazi. Anataka jedwali la kutundika ukutani, na mapacha anaona ningewaacha wapumzike. Nilimuuliza Bibi kama niwaandike. Akasema andika, ila majina ya ubatizo usiwabunie.

Upande wa baba wote umejaa "sijauliza". Shangazi yuko Sengerema, na siku hizi unavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi badala ya kusubiri kivuko, kwa hiyo kisingizio sina. Sitaanza na miaka. Nitamuuliza nani alikuwa amebebwa mgongoni walipohamishiwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji, na nani alikuwa tayari anatembea mwenyewe.