Korongo na vipepeo vya Mwaka Mpya

Jana, tarehe 28 Desemba, nimetundika pambo langu la Mwaka Mpya hapa Yokohama: korongo na kipepeo cha kujipepea, vyote vya karatasi, vikining'inia kwenye kijiti. Wajapani wengi hukwepa kupamba tarehe 29 na 31, kwa hiyo nilitaka kuwahi. Korongo kwao ni ishara ya maisha marefu, na kipepeo hupendwa kwa sababu hutanuka kadiri kinavyofunguka.

Kukunja si kazi kubwa. Korongo hutoka kwenye karatasi ya mraba ya sm 15. Kipepeo nakitengeneza kwa nusu ya karatasi kama hiyo, naikunja mikunjo myembamba ya kwenda na kurudi, kisha nabana upande mmoja kwa uzi.

Utamu uko kwenye mizani. Nilitumia kijiti cha mishikaki cha sm 30, korongo ncha moja, kipepeo ncha ya pili. Korongo ana uzito mara mbili, kwa hiyo hesabu ya haraka inasema uzi wa kuning'inizia ukae sm 10 kutoka kwake. Lakini kijiti nacho kina uzito, na huivuta sehemu hiyo kuelekea katikati: changu kilitulia kwenye sm 12 na kitu. Ndiyo maana natelezesha fundo kwanza, na gundi natia mwisho kabisa.

Ukitaka ngazi kadhaa, anza na kijiti cha chini. Ukianzia juu, kila utakachoongeza chini kitaharibu mizani uliyokwisha kuipata.

Sindano ipite kwenye tundu la tumboni, itokee kileleni mwa mgongo. Hapo korongo wangu huruka wima, mabawa sawa. Nimewapenda mno!