Siku moja maabara, Moshi: mfuko wa sementi uliolala stoo masika yote

Saa mbili asubuhi. Mfuko wa kilo 50, CEM I 42.5N, uko mezani. Ulipangwa ukiegemea ukuta na masika ikaukuta hapo. Upande ulioegemea ukuta umeganda kama ganda la mkate, unene wa sentimeta mbili hivi. Katikati bado ni unga. Fundi anataka kujua kama autumie kwenye nguzo.

Nachukua sampuli mbili, za ganda na za katikati, sizichanganyi. Madonge nayasaga yote, kwa sababu ukiyachekecha na kuyatupa umetupa ushahidi. Ya tatu ni sampuli ya toleo hilohilo iliyofungwa kwenye chupa kavu siku mzigo ulipoingia. Bila hiyo, majibu ya leo yasingekuwa na maana kubwa, na nitaonyesha kwa nini. Sampuli sizikaushi kwenye oveni ya nyuzi 105, maana jasi hupoteza maji yake hapo na hesabu inaharibika kabla hatujaanza.

Saa tatu. Vikombe vya kaure vilivyokwisha kuunguzwa na kupozwa vinapimwa, kisha gramu 1 ya sementi kwa kila kimoja, kwa mizani ya desimali nne. Vinaingia kwenye tanuru la nyuzi 550 kwa saa nzima. Maji yaliyofungwa, ya jasi na ya sementi iliyokwisha kushika unyevu, yanatoka hapo. Navipoza ndani ya desiketa, chombo kinachozuia unyevu wa hewa, mfuniko umefungwa, halafu napima. Kikombe kikipoa juu ya meza hunyonya unyevu, na uzito unapanda mbele ya macho yako.

Saa tano vinarudi tanuruni, sasa nyuzi 950. Hapa ndipo kaboni dioksidi ya chokaa iliyogeuka kuwa kaboneti inapoondoka. Narudia kuunguza kwa dakika 15 mpaka tofauti ya vipimo viwili vya uzito vinavyofuatana iwe chini ya gramu 0.0005. Umeme ukikatika katikati, sisomi namba hiyo. Nasubiri tanuru lirudi kwenye nyuzi zake na kuanza tena kurudia.

Wakati huohuo naanza kupima chokaa huru, yaani CaO isiyofungwa ndani ya madini ya sementi. Gramu 1 ya sementi na mililita 50 za ethilini glaikoli kwenye flaski kavu, nyuzi 65 hadi 70, dakika 30, nikiitikisa mara kwa mara. Nachuja kwa pampu, nasuuza kwa glaikoli ya moto, kisha natitireti na asidi hidrokloriki ya 0.1 mola kwa bromokresoli kijani, mpaka bluu igeuke manjano. Kila mililita 1 ya asidi ni miligramu 2.804 za CaO. Glaikoli yenye maji huishambulia sementi yenyewe na kuizalishia chokaa isiyokuwepo, kwa hiyo flaski isiyo na sementi hupitishwa kwanza na kiasi chake cha asidi kinatolewa.

Saa nane mchana, hesabu. Sampuli ya chupa: imepoteza 0.9% kufikia nyuzi 550, na jumla 2.1% kufikia 950. Chokaa huru 1.2%. Katikati: 1.4%, 2.9%, na 1.3%. Ganda: 3.4%, 5.8%, na mililita 5.7 za asidi, yaani 1.6%.

Kwa jumla ya uzito uliopotea, ganda limevuka kikomo cha 5.0% cha CEM I katika EN 197-1, kiwango cha Ulaya cha sementi, lakini jumla hiyo haitoshi kuhukumu mfuko wowote. Sementi iliyochanganywa na mawe ya chokaa 10% hupoteza 4.4% kwa mawe peke yake, hata ikiwa imetoka kiwandani leo, na pozolana za volkano zinaweza kubeba maji yake zenyewe. Ndiyo sababu ya ile chupa.

Chokaa huru nayo inawadanganya wengi. Watu husubiri ipungue sementi ikizeeka. Glaikoli haibagui kati ya CaO na Ca(OH)₂, inayeyusha zote mbili, na sementi inapoanza kushika maji huzaa Ca(OH)₂ mpya. Kisha hewa huila na kuigeuza kaboneti. Namba hupanda, halafu hushuka, na ikiwa katikati ya safari inaweza kufanana na ya mfuko mpya.

Jibu liko kwenye maji. Ganda limeongeza maji 2.5% juu ya chupa. Chokaa huru yote ya 1.6%, hata ingekuwa Ca(OH)₂ tupu, hubeba maji 0.5% tu. Karibu 2% iliyobaki imefungwa ndani ya silikati za sementi zilizokwisha kushika maji: nguvu hiyo imetumika stooni, na kusaga madonge hakuirudishi. Ganda linatupwa.

Saa tisa na nusu. Katikati imeongeza maji 0.5%, kaboni dioksidi 0.3%. Kwa nguzo siiruhusu kwa kemia peke yake. Napima gramu 450 zake, mchanga wa kawaida gramu 1,350 na maji gramu 225, najaza vibao vitatu vya milimita 40 × 40 × 160 vya kuvunjwa baada ya siku 28, na karatasi ya fundi inaandikwa: nguzo isubiri.