Nilivyoisafisha katiba ya kikundi iliyokopiwa kutoka PDF

Katiba ya kikundi chetu ilibaki kwenye PDF tu, na wanachama walitaka ifanyiwe marekebisho. Niliikopi yote nikaibandika kwenye Word. Maneno yalikuja salama, ila kila mstari ulikatika palepale ulipokatika kwenye ukurasa, na hata nilipopunguza ukubwa wa herufi mistari haikusogea. Sababu ni kwamba PDF nyingi hukumbuka neno limekaa wapi kwenye karatasi, hazikumbuki aya inaanzia wapi na kuishia wapi.

Kwanza nilibonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama zilizofichika zionekane. Mwisho wa kila mstari palikuwa na ¶, ambayo Word huitafuta kwa `^p`. Ukiona mshale uliopinda badala yake, hiyo ni `^l`. Ibadilishe iwe `^p` kabla ya yote.

Njia inayojulikana ni kuzilinda `^p` mbili zinazofuatana, yaani mstari mtupu kati ya aya, kisha kufuta zilizobaki. Katiba yetu haikuwa na mistari mitupu, kwa hiyo nilitegemea alama za uandishi. Nilianza na maneno yaliyokatwa kwa kistari, kama "mwana-" juu na "chama" chini. Haya niliyapitia moja moja, kwa sababu ukifuta vistari vyote kwa mkupuo, "2023-2024" iliyokatika mwisho wa mstari itageuka 20232024. Kisha niliandika @@@ kwa mkono mwishoni mwa kila kichwa cha habari, maana vichwa havina nukta na vingemezwa na aya inayofuata.

Baada ya hapo nikafungua Ctrl+H, nikafuata mpangilio huu, kushoto kinachotafutwa, kulia kinachowekwa:

```
" ^p"     ->  "^p"
".^p"     ->  ".@@@"
":^p"     ->  ":@@@"
";^p"     ->  ";@@@"
"; na^p"  ->  "; na@@@"
"^p"      ->  " "
"@@@"     ->  "^p"
"^p "     ->  "^p"
```

Alama za kufunga na kufungua haziandikwi. Nimeziweka ili nafasi ionekane. Mstari wa kwanza urudie mpaka Word iseme hakuna tena, la sivyo nukta yenye nafasi mbele yake haitapatikana. Ule wa "; na" ndio ulioniokoa kwenye sifa za mwanachama: kipengele (b) kiliishia na "; na", na bila kukilinda, (c) ingejibandika nyuma yake.

Kinachobaki ni sentensi iliyoishia ukingoni kabisa katikati ya aya. Word huikata hapo ikidhani aya imekwisha. Niliigundua kwa kuweka PDF pembeni: mstari wa mwisho wa aya mara nyingi ni mfupi, kwa hiyo nukta iliyofika ukingo wa kulia niliitilia shaka na kuikagua. Jedwali la faini sikulihangaikia, nililichapa upya.