Kadi 41

Mwalimu aliponiambia nimwage kadi zangu mezani nilidhani atanisifu. Zilikuwa 41, kila moja na nukuu yake kutoka tamthilia ya Makbeth ya Shekspia, nimezifunga kwa raba mafungu mafungu: tamaa, hatia, uchawi, ufalme. Siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumefanya mtihani wa majaribio, ule usioruhusu kitabu, na swali likaja la ndoa. Fungu la ndoa sikuwa nalo. Nikajaza kurasa mbili nikisimulia hadithi, bila nukuu hata moja.

Akaokota kadi kutoka fungu la hatia. Ni maneno ya Bibi Makbeth mara tu Makbeth alipomuua mfalme Dankani, nayatoa kwa Kiswahili changu: "Maji kidogo yatatusafisha na tendo hili."

"Anamwambia nani?"

"Mumewe."

"Basi ndoa umeiona wapi humo?"

Nilichelewa kuiona. Imo kwenye ile "tu" ya "yatatusafisha". Mke anajihesabu ndani ya tendo la mume, na wakati huohuo ndiye anayeamuru huku mume ametahayari. Tukaendelea kuikamua kadi ileile. Inafaa swali la hatia, maana anadhani hatia ni uchafu wa mikononi tu. Inafaa taswira ya maji na damu, kwa sababu muda mfupi kabla yake Makbeth amejiuliza kama bahari nzima ingeweza kumtakasa. Inafaa kinaya pia: katika sehemu ya tano ya tamthilia mama huyuhuyu anatembea usingizini akijisugua mkono, na doa halitoki.

Kisha akachukua kadi niliyoipenda kuliko zote, ile ya Makduf, anayemuua Makbeth mwishoni, kutolewa tumboni mwa mamaye kabla ya wakati. Nilikuwa nimeikariri neno kwa neno. Tulipoipima, ilijibu swali la utabiri vizuri sana, na zaidi ya hapo ikanyamaza. Ikatoka.

Tulichora jedwali. Kushoto tuliandika maswali kumi yanayoweza kuulizwa, sita ya dhamira na manne ya wahusika. Juu tukapanga nukuu. Alama ya vema ilitiwa kwa sharti moja: niweze kuonyesha, kwa sentensi moja, ni neno gani ndani ya nukuu linalojibu swali. "Inahusiana" haikuhesabika. Nukuu yenye vema chini ya tatu iliondoka, zikabaki 13. Ndipo tukasoma jedwali kwa upande wa pili, safu za maswali, na swali la ufalme likaonekana lina nukuu moja tu. Tukairudisha moja iliyokwisha kutupwa. Watu wengi huishia kwenye usomaji wa kwanza, wakabaki na nukuu nzuri zilizorundikana upande mmoja.

Baadaye tukazipunguza urefu. Pale Makbeth anapoziomba nyota zifiche mioto yake ili mwanga usione tamaa zake, nilibakiza "tamaa zangu nyeusi". Maneno matatu hadi saba huingia ndani ya sentensi yako bila kuivunja, na nafasi ya kukosea ni ndogo. Lakini mkasi una mpaka: ningekata ile ya kwanza ikabaki "maji kidogo", "tu" ingekwenda na ndoa pamoja nayo.

Katika kukariri, kosa langu la zamani lilikuwa mbele ya kadi. Nilikuwa naandika neno la kwanza la nukuu, na mtihani haukupi neno la kwanza, unakupa dhamira. Sasa mbele niliandika dhamira zote inazofaa, nyuma nukuu, msemaji na wakati aliposema. Nilizichanganya kila mara, nikaandika kwa mkono bila kuchungulia, kisha nikalinganisha neno kwa neno. Nilirudia baada ya siku 1, 3 na 7, na kadi niliyoikosea ilianza upya.

Iliyonisumbua zaidi ni "Zuri ni baya, na baya ni zuri". Kila mara nilimpa Makbeth, wakati wasemaji ni wachawi. Sababu niliipata kitabuni: maneno ya kwanza kabisa ya Makbeth jukwaani yanaichanganya vilevile siku mbaya na nzuri. Nikaandika yote mawili nyuma ya kadi, kwamba anayarudia maneno yao kabla hajakutana nao, na kosa langu likawa hoja.

Swali la mtihani wenyewe lilikuwa la giza, ambalo halikuwamo katika yale kumi. Nilitumia nukuu nne. Moja ilinitoroka katikati, basi nikatia ndani ya alama za mtajo maneno mawili tu niliyokuwa na hakika nayo, mengine nikayaeleza kwa maneno yangu.